Kutoka "Kupokea" hadi "Nilipokea": wasifu wa karani mmoja wa chama cha korosho

Mpwa wangu aliteremka na basi la asubuhi kutoka Newala akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na wasifu wake wa kurasa mbili na tangazo la kazi. Kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mtwara mjini ilikuwa inatafuta karani wa nyaraka, yaani mtu wa kupokea, kukagua na kutunza karatasi za mizigo inayopita bandarini. Yeye alikuwa ameshafanya ukarani misimu miwili katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, AMCOS kama tunavyoviita, na kabla ya hapo miezi 3 ya mafunzo kwa vitendo katika masjala ya halmashauri.

"Shikamoo mjomba. Nimeomba kazi saba, hakuna hata mmoja aliyenipigia simu," alisema, hata mkoba hajautua.

Nilikuwa afisa utumishi kabla ya kustaafu, na wasifu wa makarani niliousoma ungejaza gunia. Nilifungua ukurasa wa pili, sehemu ya uzoefu wa kazi. Chini ya jina la chama palikuwa na nukta sita:

- Kupokea wakulima na kuandika taarifa zao.
- Kuandaa orodha za malipo.
- Kupokea na kusajili barua.
- Kutunza mafaili na kumbukumbu za ofisi.
- Kuchapa barua na kutoa nakala.
- Kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa na mkuu wa kazi.

Nilimwomba asome ile ya mwisho kwa sauti. Akasoma. Nikamwomba arudie neno moja tu: "nitakazopangiwa". Hapo akacheka mwenyewe. Kazi aliyokwisha kuiacha alikuwa anaieleza kwa wakati ujao, kwa sababu nukta zote sita zilitoka kwenye barua yake ya ajira, zimenakiliwa kama zilivyo. Msomaji wa maombi huligundua hilo upesi sana, na akishaligundua hasomi tena. Karani yeyote wa nchi hii ana barua yenye maneno hayo hayo, awe hodari au awe analala mezani.

Tatizo la "ku-" ni kwamba halina mtu wala siku. "Kuandaa orodha za malipo": nani aliandaa? Lini? Ngapi? Zilifaa? Kitenzi kikianza na "ku-" kinataja jukumu, na jukumu lipo hata kiti kikiwa kitupu. Ukikigeuza kiwe "niliandaa", sentensi yenyewe inaanza kukudai: niliandaa katika mazingira gani, niliandaaje, na baada ya kuandaa kikatokea nini. Ndiyo maana wanaofundisha uandishi wa wasifu hutumia mpangilio wa sehemu tatu: hali, kitendo, tokeo. Hali inaeleza ulikuwa wapi na kulikuwa na mzigo au tatizo gani. Kitendo kinasema ulichofanya wewe, si ofisi. Tokeo linasema kilichobadilika au kilichobaki baada ya hapo.

Kwa meneja wa mauzo mpangilio huu hauna shida, maana mauzo hupanda au hushuka. Kwa karani ndipo unapokwama, na mpwa wangu alilisema hilo vizuri kuliko mimi: "Mjomba, mimi matokeo yangu ni yapi? Kazi ya karani ikienda sawa hakuna kinachotokea."

Ni kweli. Kwa hiyo sikumuuliza alifanikisha nini, maana swali hilo humfanya karani aanze kutunga. Nilimuuliza: "Ni kitu gani kilikuwa kinarudi mezani kwako?" Kazi ya ofisi ikiharibika huwa inarudi. Barua hurudi haina saini, fomu hurudi imekosewa, mtu hurudi kuuliza lile lile aliloulizia wiki iliyopita. Karani akikumbuka kilichokuwa kinarudi, amepata hali. Akikumbuka alichofanya ili kisirudi, amepata kitendo. Na kama kilipungua, tokeo analo.

Hakufikiri hata dakika moja. "Malipo," alisema. "Malipo ya wakulima yalikuwa yanarudi."

Kwa asiyejua mambo ya huku kusini, korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka magunia yake chama cha msingi, yanapimwa, anapewa risiti, kisha chama kinapeleka mzigo ghala kuu na unauzwa mnadani. Mnunuzi akishalipa, fedha haziji mkononi, zinapelekwa kwenye akaunti ya benki ya mkulima kwa kufuata orodha iliyoandaliwa na chama: jina, kilo, kiasi, namba ya akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, au jina la kwenye orodha lisipolingana na la benki, malipo hurudi. Na majina yetu, mwenyewe unayajua. Kwenye risiti ameandikwa Hadija, benki ni Khadija. Kijijini anaitwa Saidi kwa jina la baba, benki alifungua akaunti kwa jina la babu. Mwenzake kalipwa Jumatatu, yeye anakaa wiki mbili akiamini chama kimemla.

Msimu wake wa kwanza, kwenye mnada mmoja, majina 41 yalirudi kati ya 612. Watu 41 walipanga mstari mbele ya meza yake, na wengine walikuja na ndugu zao. Msimu wa pili alibadili utaratibu. Mkulima alipoleta mzigo wake wa kwanza alitakiwa aje na kadi ya benki au karatasi yenye namba ya akaunti. Karani anaiandika kwenye daftari, kisha anaisoma kwa sauti tarakimu moja moja huku mkulima, au mtoto wake anayejua kusoma, akifuatisha kwenye kadi. Jina linaandikwa kama lilivyo benki, na lile la kijijini linawekwa pembeni. Mnada wa kwanza wa msimu huo yalirudi majina 9 kati ya 587.

Nilimpa kalamu na karatasi, nikamwambia aandike hilo kwa sehemu tatu. Aliandika hivi:

"Kutokana na changamoto kubwa iliyokuwepo katika chama chetu ya malipo ya wakulima kurudi mara kwa mara na kusababisha malalamiko mengi, nilianzisha mfumo madhubuti wa uhakiki wa akaunti na hivyo kufanikiwa kupunguza makosa ya malipo kwa asilimia 90."

Sehemu tatu zimo, na bado nukta ni mbovu. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu makosa haya nimeyaona kwa karibu kila mtu anayejaribu mpangilio huu mara ya kwanza.

Hali imemeza nusu ya sentensi. Msomaji amepita malalamiko na changamoto na hajamwona karani bado. Hali inayotosha ni ile inayomwezesha mgeni kupima ukubwa wa kazi, basi. Hapa namba moja inafanya kazi ya maneno yote yale: orodha ya wakulima wapatao 600. Msomaji wa kampuni ya forodha hajui chama chenyewe, lakini mistari 600 ya majina na akaunti anaijua ni kitu gani.

Kitendo nacho kimefichwa nyuma ya "mfumo madhubuti". Mfumo gani? Kama ni kompyuta, aseme kompyuta. Kilichokuwepo ni daftari, kadi ya benki na kusoma kwa sauti, na hicho ndicho kinachovutia. Mtu anayetafuta karani wa nyaraka anataka kujua kama huyu anaelewa kwamba namba hukaguliwa kwa kulinganishwa na chanzo chake. "Mfumo madhubuti" haumwambii hilo. "Nilisoma namba kwa sauti huku mkulima akifuatisha kwenye kadi" linamwambia.

Halafu ile asilimia 90. Nilimuuliza ameipataje. Akainamisha kichwa. "Inasikika vizuri, mjomba."

Tukahesabu. Kutoka 41 hadi 9 ni pungufu ya 32, yaani kama asilimia 78 ya 41. Ukizingatia kwamba orodha ya pili ilikuwa fupi kidogo, hesabu inateremka hadi 77. Kwa vyovyote 90 haipo. Na ubaya wake si uongo peke yake. Kwenye usaili mtu akimuuliza "asilimia 90 ya nini?" atababaika, na kubabaika huko kutachafua hata yale ya kweli. Namba ghafi zinamlinda: 41 kati ya 612, kisha 9 kati ya 587. Anazikumbuka, anajua zilitoka kwenye orodha ya benki ya malipo yaliyorudi, na msomaji anaweza kujihesabia mwenyewe. Kwa kazi ya karani mimi huwa napenda namba mbili za kawaida kuliko asilimia moja inayong'aa.

Lakini kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni neno "kupunguza". Nilimuuliza: katika msimu huo wa pili, hakuna kitu kingine kilichobadilika? Akafikiri. Kilikuwepo. Ofisa wa benki alikuja kijijini kabla ya msimu akawaamsha watu wenye akaunti zilizolala, na baadhi ya wakulima walibadilisha majina yao yakalingana na vitambulisho. Kwa hiyo sehemu ya pungufu ile ni ya benki. Ni kiasi gani, hakuna awezaye kusema.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatupa njia. "Nilipunguza" ni kudai kwamba mimi ndiye chanzo. "Yalipungua" ni kushuhudia tu. Kati ya hivyo viwili, karani anayeandika "niliweka utaratibu huu, malipo yaliyorudi yalipungua kutoka 41 hadi 9" amesema kweli tupu, na msomaji ataunganisha mwenyewe kadiri anavyoona inastahili. Kitendo kibaki na "nili-", tokeo libaki na nafsi yake lenyewe. Nimeona watu wakidhani hii ni unyenyekevu wa kupitiliza. Mimi naona ni kinga, kwa sababu swali la "lakini si benki nao walisaidia?" likija, jibu ni "ndiyo, walisaidia", na nukta inabaki imesimama.

Likabaki "nilianzisha". Nilimtaka ampigie simu katibu wa chama, ambaye alikuwa amemweka kama mdhamini, amsomee nukta kabla ya kuituma. Baadhi ya watu huona aibu kufanya hivyo. Lakini mdhamini atapigiwa simu na mwajiri, na ni heri asikie kwako kwanza. Katibu alisikiliza akasema, "Hilo la kusoma kwa sauti ni lako, nakumbuka, watu walikuwa wanacheka. Ila la kuja na kadi tuliambiwa na benki." Basi "nilianzisha" ikaondoka. Nukta ikawa hivi:

- Katika chama chenye orodha ya malipo ya wakulima wapatao 600, nilikagua namba za akaunti kwa kadi ya benki na kuzisoma kwa sauti mbele ya kila mkulima kabla ya kuziingiza kwenye orodha. Malipo yaliyorudi katika mnada mmoja yalikuwa 41 kati ya 612. Msimu uliofuata, 9 kati ya 587.

Ni ndefu kwa nukta, najua. Lakini ndiyo nukta yake kuu, na tangazo lilisema kinaga ubaga kwamba wanataka mtu makini na namba za nyaraka. Niliiweka ya kwanza.

Zilizobaki zilikwenda haraka, na si zote zilistahili sehemu tatu. Barua, kwa mfano. Daftari la barua zinazoingia lina namba za mfululizo, kwa hiyo karani yeyote anaweza kujua alisajili barua ngapi kwa kutazama namba ya mwisho ya mwaka. Yake iliishia 183. Alifurahi kupata namba nyingine. Nikamwambia agawanye kwa wiki 52. Zinatoka barua tatu na nusu kwa wiki, na kampuni ya forodha hupokea karatasi zaidi ya hizo kabla ya chai ya saa nne. Namba ndogo ikiandikwa inapunguza pale ambapo ukimya usingepunguza. Tukaandika tu: "Nilisajili barua zinazoingia na kutoka na kuandaa majibu kwa saini ya katibu." Haina hali wala tokeo, lakini inamwambia msomaji kwamba anajua daftari la barua ni nini, na hilo linatosha. Ukilazimisha kila nukta ibebe tokeo, utajikuta unaandika "nilitoa nakala na hivyo kuongeza ufanisi wa ofisi", na hapo msomaji anaanza kuzitilia shaka hata zile za kweli.

Masjala ilikuwa na ugumu wa namna nyingine. Katika miezi ile 3 walimpa rafu mbili, alinganishe majalada yaliyopo na daftari la mienendo ya majalada, lile linaloonyesha jalada limetoka kwenda kwa nani. Alikuta 26 hayapo rafuni wala daftari halisemi yalikokwenda. Akaandaa orodha, akaikabidhi, mafunzo yakaisha. Je, yalipatikana? Hajui. Rasimu yake ilisema "na kuwezesha kupatikana kwa majalada yaliyopotea", jambo ambalo hakuliona likitokea.

Kwa mtu aliyeondoka kabla ya mwisho, tokeo liishie pale alipoishia yeye. Kitu kilichotoka mikononi mwake kikiwa kamili ni tokeo halali:

- Nikiwa mafunzoni kwa miezi 3 katika masjala ya halmashauri, nililinganisha majalada ya rafu mbili na daftari la mienendo, nikabaini 26 yasiyo na kumbukumbu ya yalikokwenda na kukabidhi orodha yake kwa msimamizi wa masjala.

Kuna alichotaka kuongeza hapo: idara zilizokuwa zimechukua majalada hayo bila kusaini. Nilikataa. Wasifu si mahali pa kuanika ofisi iliyokupokea, na mwajiri mpya akisoma hivyo atajiuliza utakwenda kusema nini juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuweka jina la mkulima hata mmoja wala kiasi cha fedha za chama. Idadi ya mistari kwenye orodha inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi.

"Kutunza mafaili" tuliifuta. Nilimuuliza mara tatu kwa njia tofauti ni kitu gani alifanya kwenye mafaili ambacho mwingine asingefanya, na mara zote jibu lilikuwa kwamba aliyakuta kwenye kabati, akayaacha kwenye kabati. Ni jibu la kweli, na nukta ikienda na kweli hakuna hasara. "Kuchapa barua" ikahamia kwenye sehemu ya ujuzi pamoja na programu anazozijua. Ile ya "nitakazopangiwa" aliikata mwenyewe, kwa kalamu, mistari miwili.

Kutoka zile sita za chama zikabaki mbili, ya tatu ikawa ile ya masjala, nami nikaona kazi imekwisha. Mke wangu alikuwa ameleta chai na mihogo ya kuchemsha, tukahamia mkekani. Katika maongezi mpwa wangu akasema, kama mtu anayelalamika, kwamba msimu wote wa korosho hakuweza kusafiri hata siku moja, harusi ya rafiki yake Masasi aliikosa, kwa sababu ya ufunguo.

"Ufunguo gani?"

"Wa ghala la chama, mjomba. Lina makufuli mawili. Moja la katibu, moja la kwangu. Bila mimi halifunguki."

Korosho za kijiji kizima zilikuwa nyuma ya kufuli lile, zikisubiri lori la kwenda ghala kuu, na kwenye wasifu wa kurasa mbili halikutajwa. Yeye aliliona ni usumbufu. Nikamuuliza kama kulikuwa na maandishi yoyote. Yalikuwepo: kila alipoukabidhi au kuupokea, alisaini kwenye daftari dogo lililokaa kwa katibu. Nikamuuliza pia kama magunia yaliwahi kupungua. Akasema mwishoni mwa msimu tofauti za uzito hazikosekani, korosho hukauka, na hesabu za magunia si yeye aliyezifunga. Basi hilo la magunia tukaliacha. Akaweka kikombe chini, akavuta karatasi, na safari hii hakuniuliza aanzie wapi:

- Kwa misimu 2 nilishika ufunguo mmoja kati ya miwili ya ghala la chama lenye mzigo wa wakulima. Kila makabidhiano ya ufunguo yalisainiwa kwenye daftari.